Jina la Kingsley Kwenye Shukrani

Barua pepe ya ofisi ya uzamili ilimfikia Mapalo Chisanga nyumbani kwa mama yake, Nchelenge, asubuhi ya mvua nyepesi. Ilikuwa fupi. Masahihisho yamekubaliwa na mtahini wa ndani, nakala ya mwisho imepokelewa, tasnifu imewekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo, na mhusika anaweza kujiandikisha kwa mahafali. Mapalo aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Miaka minne ilikuwa imemalizikia pale. Alitamani kulia, lakini machozi hayakuja.

Alikuwa amesomea vifo vya maji katika ziwa Mweru: nani huzama, lini, na kwa nini, na wanaobaki hufanya nini na maisha yao. Kwa ajili hiyo alizunguka fukwe zote za upande wa Zambia, kuanzia Kashikishi penye soko la samaki hadi vijiji vya kule juu, akikaa na wajane na wazazi, akirekodi sauti zao na kuziandika upya neno kwa neno. Waliozama wote aliwapa namba. Hakuna jina lililoingia kwenye tasnifu, wala la mtu wala la kijiji. Kila aliyehojiwa alikuwa ametia sahihi karatasi ya ridhaa, au kidole kama hakujua kuandika, na karatasi hiyo iliahidi kwamba hakuna atakayemtambua.

Katika safari hizo alivushwa na Kingsley, mvuvi wa Kabuta, kijana mrefu mwenye kicheko cha taratibu. Kingsley alikuwa na mtumbwi wenye injini na alijua kila mwamba. Katika mwaka wa pili wa utafiti, Kingsley mwenyewe akazama.

Ilikuwa Januari, wakati uvuvi umefungwa ili samaki wazaane na boti ya doria inazunguka kuwakamata wanaovunja marufuku. Kingsley alikwenda kutega hata hivyo, kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu. Watu wa doria walitoa taarifa kwamba waliukuta mtumbwi umepinduliwa na upepo. Mwili haukupatikana. Mkewe Clémentine, mwanamke wa Pweto, upande wa Kongo, aliyevuka na mama yake wakati wa vita na kupokelewa katika kambi ya Kenani, alibaki katika ua wa mama mkwe wake na binti mdogo aitwaye Simone.

Mapalo hakumwendea na maswali. Ni Clémentine aliyemfuata, miezi mingi baadaye, akasema ana neno na anataka liandikwe. Mapalo alimwomba asubiri. Aliandika kwa kamati ya maadili ya chuo, akaeleza kwamba marehemu alikuwa mvushaji wake na kwamba yeye na mjane wanafahamiana, akaomba ruhusa. Kamati ilikubali, kwa masharti. Ndipo Clémentine akasema alichokuwa amekificha. Djo, mwenzake Kingsley katika mtumbwi ule, aliokoka kwa kushikilia dumu, na kabla ya kukimbilia Kongo alimweleza yote. Hapakuwa na upepo. Boti ya doria iliwakimbiza ikiwa imezima taa, ikawazunguka kwa karibu, na wimbi lake ndilo lililowapindua. Na aliyeushika usukani alikuwa Watson, kaka yake Kingsley, aliyeajiriwa kwenye doria kama nahodha. Watson alimwita mdogo wake kwa jina la utotoni, akimwambia asimame. Kwa hiyo alijua ni nani.

"Mama mukwe hajue," Clémentine alisema siku ile. "Hata mutu moja hapa hajue. Mi nataka tu iandikwe pahali, juu hana kaburi."

Mapalo aliiandika kama Kisa cha Kumi na Saba. Alibadilisha umri wa marehemu, idadi ya watoto, na upande wa ziwa. Hakuandika kwamba nahodha alikuwa ndugu wa marehemu. Lakini maneno ya Djo aliyaacha jinsi Clémentine alivyoyasema: *alimuita kwa jina la utoto, Kapela, simama.* Jina lenyewe alilifuta, akabakiza kwamba aliitwa kwa jina la utoto. Mtahini wa nje aliusifu mstari huo katika ripoti yake, akasema hapo ndipo sura ya tano inapopumua.

Na katika sura ya mbinu, kwa kuwa utafiti unadai ukweli, alikuwa ameandika kwamba mmoja wa wavushaji wake alifariki ziwani wakati wa kukusanya data, na kwamba familia yake ilihojiwa baadaye kwa idhini ya ziada.

Dkt. Mumba, msimamizi wake, mama mkali mwenye kusoma kwa kalamu nyekundu hata kwenye skrini, aliona hatari mapema. Katika rasimu ya ukurasa wa shukrani Mapalo alikuwa amemtaja Kingsley. Dkt. Mumba alikata jina na kuandika pembeni: *Fikiria nani atausoma ukurasa huu pamoja na sura ya mbinu. Wataje wafadhili na mimi ukitaka. Watu wa ziwani washukuru kwa mdomo.* Mapalo aliliondoa. Moyoni aliona ni ubaridi wa watu wa ofisini.

Sasa, kwenye ngazi za nyumba ya mama yake, akiwa amemaliza, aliona chapisho la Fesibuku si ukurasa wa tasnifu. Lilikuwa lake mwenyewe. Mkataba wa ufadhili ulimtaka atangaze kumaliza kwake, ataje mfuko uliomlipia, na aweke kiungo cha tasnifu ili yeyote aweze kuisoma bure. Aliandika:

*Leo chuo kimeipokea tasnifu yangu. Namshukuru msimamizi wangu, Dkt. Mumba, aliyesoma kila sura na hakuniruhusu kuandika nisichokijua. Nawashukuru wafadhili walionilipia ada na mafuta ya boti, na ambao hawakuniuliza hata siku moja matokeo yatasemaje. Namshukuru marehemu Kingsley wa Kabuta, aliyenivusha mpaka ziwa lilipomchukua. Kazi yenyewe iko hapa kwa atakayetaka kuisoma.*

Akabandika kiungo. Akaweka picha ya maji, bila mtu. Akabonyeza.

Pongezi zilianza kumiminika. Walimu wake wa shule ya msingi, wenzake wa chuo, shemeji zake wa Mansa. Afisa mawasiliano wa mfuko alisambaza chapisho lile na kuandika kwamba hivi ndivyo shukrani zinavyopaswa kuwa, fupi na za kweli. Jioni simu iliita. Alikuwa Bana Watson, yaani Mama Watson, mama yake Kingsley, akilia na kucheka kwa pamoja.

"Wametuonyesha," alisema kwa Kibemba. "Mpwa wangu ameleta kwenye kundi la familia. Umemwandika mwanangu. Njoo Jumamosi, mwanangu, uje ule nasi."

Mapalo alifurahi. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Jumamosi alikodi baiskeli hadi Kabuta. Bana Watson alikuwa amepika samaki mnene wa msimu aitwaye pale, kwa mchuzi mzito wa karanga, na ubwali, ugali wao mweupe, umeumbwa vizuri kwenye sahani. Clémentine alimpokea mkoba, akamtazama usoni kwa muda kidogo, akarudi jikoni. Watson alikuwepo, mtu mkubwa wa mabega, mpole, aliyevaa shati la kanisani. Tangu Kingsley afe ndiye aliyewalisha wote katika ua ule, na Simone alimwita baba.

Walikula. Walipomaliza kunawa, Bana Watson alijifuta mikono na kumgeukia mwanawe.

"Sasa nisomee. Nataka kusikia kitabu kinasema nini juu ya Kingsley."

"Ni kikubwa, mama," Watson alisema, akitoa simu. "Nimekifungua jana, kina kurasa nyingi sana."

"Nisomee panapomhusu."

Hapo ndipo Mapalo alipoona chapisho lake na sura ya mbinu na sura ya tano kwa mpigo mmoja, kama mtu anayeona mtumbwi ukiegemea upande ambao hauwezi kurudi. Mlangoni Clémentine alikuwa amesimama na beseni mkononi, naye alikuwa ameona.

"Mama, jina lake halimo ndani," Mapalo alisema. "Ni sheria. Hatuandiki majina. Mtandao nao ni mbaya huku, nitawaletea karatasi, nitawasomea mwenyewe."

"Nimeshaipakua yote," Watson alisema kwa upole. Alikuwa akitafuta, kidole chake kikubwa kikiandika neno kwenye kisanduku cha juu. "Kabuta haimo, kweli. Ngoja nitafute mvushaji." Akatulia. "Hii hapa. *Mmoja wa wavushaji wa mtafiti alifariki ziwani wakati wa kukusanya data. Familia yake ilihojiwa baadaye.*" Alimtafsiria mama yake kwa Kibemba, akatabasamu. "Ni yeye, mama. Ni Kingsley huyu."

"Familia ilihojiwa?" Bana Watson aliuliza. "Mimi sijahojiwa."

Watson aliendelea kushuka na kidole, akitafuta neno hilohilo lilikorudi, akafika sura ya tano. Alianza kusoma Kisa cha Kumi na Saba kwa sauti, polepole, akitafsiri sentensi moja moja, kwa sababu mama yake alipenda kusikia vizuri. Mvuvi wa makamo. Msimu wa kufungwa. Boti iliyozima taa.

"Watson," Mapalo alisema. "Naomba simu. Nakuomba."

Watson alikuwa amekwisha kuacha kusoma. Midomo yake ilisogea kidogo. Mapalo alijua yuko kwenye mstari gani. Habari ya jina la utoto lililoitwa juu ya maji usiku ule waliijua tu waliokuwepo, na kati ya wale wa mtumbwi mmoja alikuwa amekufa na mwingine amekimbia.

"Soma," alisema mama yake.

Watson aliweka simu kifudifudi juu ya mkeka.

"Soma, Watson. Boti gani iliyozima taa?"

"Yetu," alisema. "Mkuu aliamuru tuzime taa. Mimi nilimwita asimame ili wasimpige. Nilifikiri akisikia sauti yangu atasimama. Hakusimama, akageuza, na mimi nikageuza, na alipopinduka tulizunguka pale mpaka mafuta yakaanza kuisha. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka. Mkuu akasema tuandike upepo."

Alisema haya yote akitazama mkeka. Kisha akainuka, akavaa viatu vyake bila kuvifunga, akatoka kuelekea ufukweni. Hakuna aliyemfuata.

Mapalo alingoja kilio, akajiandaa kwacho. Badala yake Bana Watson alimgeukia Clémentine mlangoni, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ulijua. Ulikuwa unakula chakula chake na unajua. Ukaenda kumwambia mgeni, sio mimi."

"Mama, mi niliogopa," Clémentine alisema.

"Kazi yake itaisha. Watasema ametoa siri ya doria. Pengine watamfunga. Kingsley amekwisha kufa, hata nikilia hatarudi. Huyu nimebaki naye." Alikusanya sahani moja juu ya nyingine. "Sitaki kukuona hapa kesho. Mchukue mtoto, ni wa kwenu."

Mapalo alipiga magoti mbele yake. Alisema kosa ni lake, kwamba Clémentine hakufanya lolote baya, kwamba ni yeye aliyeliweka jina mahali ambapo halikupaswa kuwa. Bana Watson alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe nilikupikia," alisema. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Usiku huo Mapalo alifuta mstari wa Kingsley. Kisha akagundua kwamba chapisho lililohaririwa huhifadhi historia yake, na yeyote anaweza kubonyeza na kuona lilivyokuwa mwanzo. Akalifuta lote. Lakini picha za chapisho zilikuwa zimeshasambaa, kwenye kundi la familia na makundi mengine, na nakala za tasnifu zilikuwa kwenye simu za watu. Alimpigia Dkt. Mumba. Alitegemea kukemewa. Dkt. Mumba alimwacha aseme yote, kisha akazungumza kama mtu anayeandika.

"Leo usiku unawaandikia maktaba kuomba wafunge nakala kamili, muhtasari ubaki peke yake. Mimi nitasaini ombi na mkuu wa uzamili atasaini kesho. Halafu unaandika taarifa kwa kamati ya maadili. Sema kilichotokea, lini, nani ameumia, na umefanya nini. Usijitetee wala usijishutumu, hawahitaji mambo hayo. Kisha unamtafuta yule mjane."

"Ulinionya," Mapalo alisema.

"Nilikuonya kwa mstari mmoja pembeni," Dkt. Mumba alijibu. "Ningepaswa kukueleza nikiwa nimekaa nawe. Hilo nami nitaliandika."

Nakala ilifungwa siku mbili baadaye. Afisa mawasiliano wa mfuko aliuliza kwa adabu kwa nini chapisho walilosambaza halifunguki, maana wakaguzi wao huhitaji uthibitisho. Mapalo akaandika jipya. Alimshukuru Dkt. Mumba na wafadhili kwa maneno yaleyale ya kwanza, kwa kuwa yalikuwa kweli na bado ni kweli, na hakuongeza kitu. Watu wakampongeza tena. Wengine waliuliza ni kwa nini shukrani zake ni kavu hivyo, mtu aliyesoma miaka yote hiyo.

Clémentine alikuwa amerudi kwenye makazi ya wakimbizi, kwa mama yake. Mapalo alimkuta shambani, akipandisha matuta ya mihogo na jembe la kuazima. Simone alikuwa amelala chini ya kitenge. Clémentine hakuacha kulima mara moja. Alimaliza tuta, akajiegemeza kwenye mpini.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, mama Simone. Sijue niseme nini."

"Usiseme. Watson alikuja hapa." Alijifuta jasho. "Bamemufukuza kazi. Bado banamuitaita ku polisi, kila juma. Alileta unga. Alikaa pale, hakusema kitu, akaenda. Minaona yeye ndio atakufa sasa, pole pole."

Mapalo aliketi kwenye udongo. Alimweleza aliyoyafanya: maktaba, kamati, chapisho. Yalisikika madogo.

"Ile siku ulinipa karatasi, ulisema nini?" Clémentine aliuliza.

"Nilisema hakuna mutu atakujua."

"Bon. Na mi nilijua batu ba bureau banasemaka vile. Tangu Kenani banatuandika, banatuandika, na kila moja anasema usiogope. We nilikuamini juu ulikula mu nyumba yangu na bwana yangu alikuwa anakuvusha." Hakuwa amepandisha sauti. "Ulimupenda Kingsley. Najua. Uliandika na roho muzuri. Lakini angalia mi niko wapi."

"Ninaona."

"Ile karatasi ilisema tena kitu ingine. Ilisema kama sitaki, naweza kutoka."

"Ndiyo. Unaweza, hata sasa."

"Basi, nitoe. Maneno yangu yote, na ile ya Djo. Nitoe mu kitabu."

Mapalo alitaka kumwambia kwamba basi hapatabaki mahali popote palipoandikwa jinsi Kingsley alivyokufa. Taarifa ya doria tu itabaki, ile ya upepo. Alifungua mdomo, akaona uso wa Clémentine, na akaelewa kwamba analijua hilo vizuri kuliko yeye.

"Nitatoa," alisema.

Ilichukua wiki nyingi. Kamati ilikubali kujitoa kwa mshiriki. Mtahini wa ndani alithibitisha kwamba hoja ya sura ya tano bado inasimama bila kisa kile. Maktaba ikaweka nakala mpya yenye maelezo mafupi kwamba kipande kimeondolewa kwa ombi la mshiriki. Visa vinaruka kutoka kumi na sita hadi kumi na nane. Rekodi ya sauti Mapalo aliifuta mbele ya Dkt. Mumba, kama taratibu zinavyotaka, na wote wawili wakatia sahihi. Kabla ya kuifuta hakuisikiliza.

Alirudi makazini kumwambia Clémentine kwamba imekwisha. Mama yake Clémentine ndiye aliyemtokea mlangoni. Alisema binti yake amekwenda Pweto kumtafuta Djo, kwamba kuna watu wanasema ameonekana huko, na kwamba hajui atarudi lini. Mapalo aliuliza kama kulikuwa na ujumbe wowote. Yule mama alifikiri.

"Hapana," alisema. "Hakuacha."

Alimkaribisha kiti hata hivyo, na Mapalo akakaa, kwa kuwa gari la kurudi Nchelenge lilikuwa bado halijaja.